Muundi wa kulia unauma kila nikikaribia Shela

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Langoni, Lamu, na kazi yangu iko kwenye nyumba ya wageni kule Shela. Siku 6 kwa wiki nakimbia ufuoni kwenda kazini, kama kilomita 3, na jioni narudi kwa boti. Kwa miaka 2 nilikimbia hizo kilomita 18 za wiki bila shida. Kuna mbio za kilomita 21 baada ya miezi 2, basi ndani ya wiki 4 nikapanda mpaka kilomita 40, nikawa napita Shela na kuendelea mbele mchangani. Wiki ya 4 muundi wa kulia ukaanza kuuma upande wa ndani. Huuma nikianza, hupoa kidogo, kisha hurudi kwa nguvu. Nilipumzika wiki 3, ukapona kabisa. Siku ya 5 baada ya kurudi, maumivu ni yale yale. Mmoja ananiambia ninunue raba nene, mwingine anasema nikimbie mchanga laini. Je, nipumzike zaidi? Na haya mazoezi ya nguvu wanayosema, ni yapi hasa? Jimu sina.*

*Mkimbiaji wa Langoni*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujafanya zoezi hata moja, keti barazani, kunja mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, kisha papasa ukingo wa ndani wa muundi kwa ncha ya kidole gumba, kuanzia juu ya kifundo ukipanda taratibu kuelekea katikati ya mguu. Bonyeza kila baada ya upana wa kidole. Ikiwa uchungu umetandaa kwenye ukingo huo kwa urefu wa vidole 3, 4 au zaidi, hilo ndilo tatizo ninalolishuku, yaani ukingo wa muundi kuelemewa na mbio, na yote nitakayosema hapa yanakuhusu. Lakini ikiwa uchungu umejikusanya pahali pamoja padogo kama sarafu, ukigusa hapo unaruka, au mguu unauma usiku umelala, au unauma hata ukitembea kwenda dukani, simama hapo hapo. Huenda mfupa umeanza kuwa na ufa. Usikimbie, usijipime kwa kuruka, nenda hospitali. Na ujue mapema kwamba eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii. Ukiambiwa picha ni safi na bado panauma pale pale, usichukulie kuwa umeruhusiwa kukimbia. Omba uangaliwe tena. Kuna dalili nyingine pia: mguu kukaza kama umefungwa kamba na unyayo kufa ganzi kila ukifika mwendo fulani, kisha yote kuisha ukisimama. Hiyo ni shida nyingine kabisa, nayo haitibiwi kwa mazoezi nitakayokupa.

Sasa nikueleze kwa nini wiki 3 za kupumzika zilikudanganya. Kila unapokanyaga, mfupa wa muundi hupinda kidogo sana, usivyoweza kuona kwa macho. Msuli wa shavu la mguu ndio unaovuta kwa nyuma kuupunguzia mfupa kule kupinda. Msuli ukichoka, mfupa hubeba peke yake. Mfupa nao hujijenga upya kwa kuzoea mzigo, ila hujijenga kwa namna ambayo wakimbiaji wengi hawaijui: kwanza hubomoa sehemu iliyochoka, ndipo hujaza mpya, na kujaza huchukua muda mrefu kuliko kubomoa. Kwa hiyo mtu anayepandisha kilomita kwa haraka, mfupa wake huwa dhaifu zaidi wiki ya 3 au ya 4, wakati pumzi yake ndiyo kwanza inamwambia yuko imara. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Ulipopumzika, uchungu ulitulia, lakini shavu la mguu halikupata nguvu yoyote. Likilala wiki 3 hupoteza hata ile kidogo iliyokuwepo. Ukarudi na mguu usiouma lakini dhaifu kuliko ulioondoka nao.

Basi jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, usipumzike zaidi, maadamu ule mtihani wa kidole umeupita. Punguza sana, na huku unajenga. Na zile mbio za kilomita 21, mwanangu, ziache zipite mwaka huu. Najua linauma kuliko muundi, lakini miezi 2 haitoshi, na ukizilazimisha utaugeuza uchungu wa ukingo kuwa ufa.

Tuanze na kupunguza. Watu wengi katika hali yako hukata nusu ya kile walichokuwa wanakimbia walipoumia, yaani wewe ungefanya 20. Hilo ni kosa, kwa sababu 20 bado ni nyingi kuliko 18 ulizokuwa unazimudu mguu ukiwa mzima. Chukua nusu ya hizo 18. Utakimbia kilomita 9 kwa wiki: siku 3, kila siku kilomita 3, na kati ya siku na siku uache siku nzima bila kukimbia. Kimbia dakika 4, tembea dakika 1, hivyo hivyo mpaka umalize. Siku nyingine panda boti, au ogelea. Kwa kipimo cha 0 mpaka 10, uchungu ukifika 2 wakati unakimbia, unaweza kuendelea. Ukipita hapo, tembea mpaka nyumbani. Ila hakimu wa kweli ni asubuhi ya kesho yake: shuka kitandani, piga hatua 10 za kwanza, kisha bonyeza ule ukingo. Ukiuma zaidi ya jana yake, ujue jana ulizidisha, hata kama ulipokuwa unakimbia hukusikia kitu.

Kuhusu ufuo wenyewe, nilisoma barua yako mara mbili na kuna jambo lililonikaa. Wakimbia kwenda tu, na kurudi wapanda boti. Ukielekea Shela bahari iko kushoto kwako, na ufuo umeinama kuelekea baharini. Maana yake mguu wa kulia ndio unaokanyaga upande wa juu wa mteremko mara nyingi zaidi, na unyayo wa upande wa juu hulalia ndani kila hatua. Ukilalia ndani, misuli inayoshika ukingo wa ndani wa muundi huvutwa zaidi. Sisemi hilo ndilo lililokuumiza, kwa sababu kwa miaka 2 ulilivumilia. Kilichokuumiza ni kutoka 18 kwenda 40. Lakini naona ndilo lililochagua mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Kwa hiyo katika wiki hizi, toka mjini kilomita 1 na nusu, geuka, rudi, kisha ndipo upande boti uende kazini. Chagua saa maji yamekupwa, uteremke mpaka kwenye mchanga ulioloa, uliokaza na kulala sawa. Siku za bamvua utaupata mpana. Maji yakiwa yamejaa, usibanane na ule mteremko wa juu, subiri mpaka yakupwe.

Mchanga laini nao, huyo aliyekushauri ameona nusu ya jambo. Kishindo hupungua, ni kweli, lakini kisigino huzama, na shavu la mguu hufanya kazi kubwa zaidi kukutoa hapo. Kwa mtu ambaye shavu lake ndilo linaloshindwa, hiyo ni kumwongezea deni. Raba nene hazina ubaya, na kama zako zimelika upande mmoja badilisha, ila haziwezi kufanya kazi ya msuli.

Na sasa nguvu. Simama kwenye kizingiti cha daka la nyumba yenu, bila viatu, ncha za vidole vya mikono zikigusa ukuta kwa ajili ya kutoyumba tu. Simama mguu mmoja, goti limenyooka, nyanyua kisigino mpaka mwisho kabisa, shusha, nyanyua tena, taratibu. Hesabu. Koma pale kisigino kinaposhindwa kufika juu kama mara ya kwanza, si pale unapoishiwa kabisa. Anza na mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Mkimbiaji namtaka afike 25 kila mguu. Nilikuwa na msichana mmoja Malindi, mkimbiaji wa lami, mwenye shida kama yako mguu wa kushoto. Wa kulia alifanya 24, wa kushoto 13, na alikuwa hajawahi kuona tofauti yoyote akikimbia. Andika hesabu zako mahali, utazihitaji.

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Ule unaoonekana umevimba nyuma ya mguu huanzia juu ya goti. Chini yake upo mwingine mpana, bapa, unaoanzia chini ya goti na kujishika kwenye mfupa wa muundi wenyewe. Huyu wa chini ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi mtu anapokimbia, na ndiye ambaye watu hawamfanyii mazoezi, kwa sababu kunyanyua kisigino goti likiwa limenyooka humpa kazi zaidi yule wa juu. Ukikunja goti, wa juu hulegea na wa chini hushika kazi. Ndiyo siri yote ya zoezi nitakalokueleza.

Simama pale pale kizingitini, mguu mmoja, nusu ya mbele ya unyayo juu ya kizingiti na kisigino kikining'inia. Kunja goti mpaka ukiangalia chini linafunika vidole vya mguu. Libakize hapo hapo, lisinyooke. Nyanyua kisigino ukihesabu moja, mbili. Kaa juu kwa hesabu moja. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kiwe chini kidogo ya kizingiti. Hiyo ni mara 1. Fanya 10, pumzika dakika 2, rudia mpaka seti 3 kila mguu. Ukifanya sawa, utasikia moto ndani kabisa, chini ya pale shavu linapovimba, karibu na kano ya kisigino. Ukiusikia juu, nyuma ya goti, basi goti lako linanyooka bila wewe kujua, na hilo ndilo kosa la kila mtu wiki ya kwanza. Kosa la pili ni kupanda ukilalia kidole kidogo cha mguu. Bonyeza chini kwa kidole gumba ili kifundo kisimame wima. Kosa la tatu ni kudunda. Ukidunda kano ndiyo inayokurusha, msuli unapumzika.

Moto wa msuli ni sawa. Uchungu kwenye ukingo wa mfupa si sawa. Ukitokea, fanya kwa miguu miwili pamoja kwa wiki 1 au 2 kwanza.

Uzito ni lazima, maana kukimbia kunalitaka shavu libebe mzigo unaozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa, na mwili mtupu hautoshi kulitayarisha. Chukua begi la mgongoni na pakiti za unga za kilo 2. Siku utakayofanya mara 15 kwa seti zote 3 bila kuvunja hesabu, tia pakiti 1, rudi kwenye mara 10, uanze kupanda tena. Yule msichana wa Malindi mwishowe alifika pakiti 6, yaani kilo 12. Zoezi la goti lililonyooka lifanye pia, seti 3 za mara 12, mwendo ule ule.

Fanya haya siku 3 kwa wiki, na ziwe siku zile zile unazokimbia, jioni. Wengi huyaweka siku za kutokimbia wakidhani wanagawa kazi vizuri. Kumbe wanaunyima mguu siku ya kupumzika hata moja. Mfupa wahitaji siku tupu.

Nyonga zinakuja za pili, nazo nazipa nafasi ndogo kuliko shavu, ila sizitupi. Nyonga ikilegea, goti huingia ndani na unyayo hufuata. Funga kikoi kiunoni kiwe sawasawa, simama juu ya tofali moja la ujenzi lililolazwa kwa ubavu mpana, mbele ya kioo, au mwite ndugu yako akutazame. Shusha mguu mmoja taratibu mpaka kisigino kiguse sakafu, kisha rudi juu, mguu uliobaki kwenye tofali ukifanya kazi yote. Tazama mstari wa kikoi. Ukiinama upande mmoja, au goti likiangukia kidole gumba, hapo ndipo udhaifu ulipo. Zoezi ni hilo hilo: seti 3 za mara 8 kila mguu, polepole, kikoi kisiiname. Vipandio vya ngazi za nyumba za Lamu ni virefu mno kwa kazi hii, visikushawishi. Ongeza moja la kulala ubavu, mgongo na visigino vimegusa ukuta, ukiuburuza mguu wa juu ukutani kwenda juu huku vidole vikitazama mbele, mara 12, seti 2. Watu huelekeza vidole juu wakaona zoezi ni rahisi. Hapo paja la mbele ndilo linalofanya kazi, upande wa tako umelala.

Unyayo ni wa mwisho na hauhitaji jimu wala uzito. Keti, mguu mtupu sakafuni. Bonyeza chini kisigino, kitako cha kidole gumba na kitako cha kidole kidogo. Bila kuvinyanyua na bila kukunja vidole, vuta kitako cha kidole gumba kuelekea kisigino, uvungu wa wayo uinuke. Shika kwa hesabu ya 5, achia, mara 10. Siku za kwanza vidole vitajikunja tu, kwa kuwa mtu aliyezoea ndara amezoea kung'ang'ania kwa vidole. Viweke vikiwa vimelala, hata kwa kuvishika kwa mkono. Ukilimudu umeketi, fanya umesimama mguu mmoja, hata ukipiga mswaki. Hili lifanye kila siku, halichoshi.

Sasa tuunganishe. Wiki 3 za kwanza usiongeze hata mita 100, baki na kilomita 9. Wiki ya 4 umbali ule ule, ila ondoa kutembea kidogo kidogo. Asubuhi zikiwa njema, wiki ya 5 fanya 11, ya 6 fanya 13, ya 7 fanya 15, ya 8 rudi 11 ili mfupa upumue, ya 9 fanya 16, ya 10 fanya 18. Zote kwa siku 3. Kaa kwenye 18 kwa wiki 3 nzima kabla ya kufikiria zaidi. Muundi ukilalamika asubuhi mbili mfululizo, rudi kwenye kilomita za wiki iliyotangulia, lakini mazoezi ya kizingitini usiyaache. Pia fupisha hatua: hesabu hatua zako kwa dakika 1, kama ni 160 jaribu 170 kwa mwendo ule ule. Kila hatua itatua kwa upole zaidi.

Yule msichana wa Malindi, habari yake sikuimaliza. Wiki ya 5 hakuwa na uchungu wowote, akaona kazi imekwisha, akaacha visigino akaendelea kuongeza kilomita. Wiki ya 8 ukarudi. Nilipompima tena, mguu wa kushoto ulikuwa 17. Uchungu ulikuwa umeondoka kwa sababu alipunguza mbio, nguvu ilikuwa bado njiani. Shavu hupata nguvu ya kweli baada ya wiki 8 mpaka 12, basi usilihukumu kwa kutouma. Lihukumu kwa hesabu: miguu yote miwili ifike 25, na tofauti kati yake isizidi 2.

Nawaambia na wasichana wanaosoma hapa: kama miundi inauma hivi na hedhi imekatika au haieleweki, msianzie kizingitini, anzieni kwa daktari, kwani huenda mwili haupati chakula cha kutosha kujenga mfupa.

Mwanangu, jipime leo jioni. Uniandikie zile hesabu mbili, ya kushoto na ya kulia, kisha uniandikie tena mwisho wa wiki ya 3 ukiwa na hesabu mpya na habari za asubuhi zako.